Tofali na plaiwudi juu ya sahani ya moto

"Plaiwudi inanipa tofauti ya digrii 22 juu na chini, tofali 9. Si ina maana plaiwudi inazuia joto mara mbili na nusu?"

Hapana mkuu, ukivipima kimoja kimoja joto linalopita halilingani, na unene pia haulingani. Vibebanishe, tofali chini plaiwudi juu, funika pembeni na sponji, hapo joto lilelile linapita kote kuwili. Mimi nilipata plaiwudi ya milimita 18 digrii 20, tofali la milimita 50 digrii 12, sasa gawa unene kwa digrii, tofali 4.2, plaiwudi 0.9, yani tofali linapitisha joto kama mara 4.6 hivi.

Jamaa hapo juu kasema subiri saa nzima, kusubiri ni lazima ila saa sio kipimo, ngoja mpaka sensa zote zitulie dakika 20 hivi bila kusogea. Na sensa zipake grisi ya joto, kaupenyo kadogo tu ka hewa kanakuongezea digrii za uongo. Ukishamaliza geuza mpangilio, plaiwudi iwe chini, uwiano ukibadilika sana ujue joto linatorokea pembeni au tofali lina unyevu.