Kufuta waya wa umeme angani: Clone Stamp au Healing Brush?

Swali: Nimepiga picha ya gesti ya mteja wangu Pangani. Waya wa umeme umekatiza anga kutoka kwenye nguzo hadi kwenye paa la bati. Nikiufuta kwa Clone Stamp ya Photoshop unabaki mstari kama kivuli. Nikitumia Healing Brush anga linatoka safi, ila pale kwenye paa panachafuka. Hizi mbili zinatofautianaje, na nitumie ipi?

Jibu: Tumia zote mbili, kila moja mahali pake: Clone Stamp pale waya unapogusa bati na nguzo, Healing Brush sehemu yote iliyobaki.

Clone Stamp hunakili tu. Ukibofya huku umeshika Alt, unaionyesha pikseli za kuchukua, nayo inazibandika kwingine kwa rangi ileile na mwanga uleule. Sasa anga, hata la mchana usio na wingu, halina rangi moja. Buluu hukolea juu na kupauka kuelekea upeo wa macho, na lenzi nyingi hutia giza kidogo kwenye pembe za picha. Fungua paneli ya Info upitishe kishale. Tuseme kando ya waya buluu inasoma 214, na juu kidogo, ulipochukua sampuli, inasoma 209. Tofauti ya 5 katika kipimo cha 0 hadi 255 ni ndogo; ingekuwa doa moja hakuna ambaye angeliona. Wewe umeitandaza mstari mrefu picha nzima, na jicho hudaka mstari upesi sana. Kivuli chako kimetoka hapo.

Wengi hukimbilia kulainisha kingo za brashi. Mstari unafifia kweli, lakini tatizo linahamia kwenye chembechembe za anga: pale pikseli mpya zinapochanganyika nusu kwa nusu na za zamani, chembe zinafifishana, na unabaki ukanda kama uliopigwa pasi.

Healing Brush nayo inataka sampuli kwa Alt, ila kwenye sampuli hiyo inachukua chembechembe tu. Rangi na mwanga inavitoa kwenye pikseli zinazozunguka mahali ulipopaka. Ndiyo maana ukiwa bado unapaka unaona rangi isiyooana, kisha ukiachia kipanya inabadilika na kulingana na anga. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokuharibia paa. Brashi haijui bati wala anga. Ukingo wa mpako ukigusa bati, rangi ya kutu inahesabiwa kuwa sehemu ya mazingira na inavutwa hadi angani.

Kwa hiyo anzia kwenye paa. Fungua tabaka jipya tupu, na kwenye Sample ya kila moja ya brashi hizi mbili chagua Current & Below ili picha ya chini isiguswe. Kuza picha hadi 200%. Chukua Clone Stamp yenye Hardness ya 80% hivi, bofya Alt juu ya ukingo wa bati pembeni kidogo ya waya, kisha anza kupaka juu ya ukingo huohuo pale waya ulipo, ili mstari wa bati uendelee bila kuvunjika. Futa waya mpaka pawepo nafasi ya anga safi, pana kuliko brashi utakayotumia baadaye. Hapa kipande ni kifupi na sampuli iko jirani, kwa hiyo tofauti ya mwanga haionekani. Fanya hivyohivyo kwenye nguzo.

Waya sasa unaelea peke yake, na ni zamu ya Healing Brush. Upana wa brashi uwe kama mara mbili ya waya. Usiubane zaidi ya hapo: picha iliyonolewa huwa na ukingo mweupe pande zote mbili za waya, na usipoufunika, brashi itauhesabu kuwa ni anga na kukuachia alama. Sampuli itoke kwenye anga tupu, mbali na wingu. Bofya mwanzo wa waya, shika Shift, bofya mbele kidogo. Mpako utanyooka kati ya nukta hizo mbili. Waya hulegea katikati, kwa hiyo nenda vipande vifupi vifupi. Kama picha ina chembechembe nyingi kwa sababu ya ISO kubwa, shusha Diffusion.

Kabla ya kumtumia mteja, weka Curves juu ya matabaka yote na uusimamishe mstari wake uwe mkali sana kwenye eneo la mwanga wa anga. Mabaki yote yatajitokeza. Ukiona ukanda uliopauka au uliokolea, rudia kipande hicho kwa Healing Brush na sampuli ya kwingine, halafu ufute hiyo Curves.