Tashititi na amri kwenye shairi: nilivyojifunza mwaloni Kigoma

"Wakuu habari. Niko form three, nimetunga shairi la kukataza ukataji miti, nimeweka maswali kibao na amri kila ubeti, ila ticha kasema linapiga kelele tu halimvuti mtu. Sasa si ndo tulifundishwa hivyo, tashititi na kuamrisha vinamvuta msomaji? Nakosea wapi?"

Mdogo wangu, mi naandika mashairi niko Kigoma huku, na kosa lako nililifanya mbele ya watu kwa hiyo nakwambia kitu nilichokiona kwa macho. Tulikuwa na mkutano wa wavuvi pale mwalo wa Kibirizi, ishu ilikuwa nyavu za matundu madogo zinazozoa mpaka samaki ambao hawajakua, nikaombwa nighani kidogo. Nikaanza na huu ubeti:

Nyavu zenu ndogondogo, alowapa ninyi nani?
Mwavua hata vidogo, akilini mna nini?
Ziwa mwalipa kisogo, kwani nyinyi hamuoni?
Tupeni hizo motoni, acheni uhayawani.

Mizani iko sawa, nane kwa nane, maswali matatu, amri mbili. Sijamaliza kupumua mzee mmoja kasimama akasema, "Mwanangu, aliyenipa wavu ni mwenye duka, na risiti ninayo." Watu wakapiga makofi, wakampigia yeye, na hapo shairi langu likawa limekufa kwenye mshororo wa kwanza.

Nilikaa na huo ubeti kama wiki hivi ndo nikaelewa. Swali la kwanza lilikuwa na jibu, tena jibu linalomsaidia yeye sio mimi, yaani nimemfungulia mlango akatoka. La pili na la tatu sio maswali kabisa, ni matusi yamevalishwa alama ya kuuliza, na mtu akitukanwa hatafuti jibu anatafuta namna ya kujibu mapigo. Sasa tashititi inafanya kazi kinyume cha hapo, unauliza kitu ambacho jibu lake msikilizaji analo tayari tumboni mwake na hawezi kulisema tofauti, akilijibu kimoyomoyo basi ile hoja sio yako tena, kaisema yeye. Mtu anaweza kubishana na wewe siku nzima ila kubishana na jibu alilolitoa mwenyewe ni kazi ngumu.

Nikaenda nikakaa na wavuvi asubuhi wakirudi ziwani, nasikiliza tu wanavyolalamika wao wenyewe, afu nikatunga upya:

Karabai ukizima, kapu lajaa na nini?
Akikuuliza mama, wamtazama usoni?
Migebuka yenye nyama, imekwenda pande gani?
Shika wavu, hebu pima, pitisha kidole ndani.

Angalia swali la kwanza linavyomkamata. Sijamlaumu kwa lolote, nimemrudisha tu kwenye ile saa anayoijua, kunapambazuka, taa inazimwa, kapu liko mbele yake. Nini kimo humo anakijua yeye. La pili ndo lenye uzito, mama watoto anauliza leo umepata nini, je unamtazama usoni? Hili jibu lake ni ndiyo au hapana ila hakuna mtu atalisema kwa sauti, na ule ukimya ndo jibu lenyewe. La tatu hata mimi sijalijibu, nimeliacha linaning'inia, kwa sababu mgebuka umekwenda wapi ndo kitu ambacho sote pale mwaloni tulikuwa tunajiuliza, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mimi na yeye tumesimama upande mmoja.

Ndo amri inakuja, na hapa ndo watu wengi tunaharibu. Amri inatakiwa idai kile tu ambacho msikilizaji ameshakikubali kwenye maswali, isizidi hata kidogo. "Tupeni motoni" ilikuwa inamwambia mtu achome mtaji wake kwa sababu ya maswali matatu ya kumtukana, nani atafanya hivyo? Lakini "pitisha kidole ndani" ni kitu anaweza kukifanya palepale alipokaa, wavu upo pembeni, kidole anacho, haimgharimu chochote. Na akikipitisha kikakwama kwenye tundu, kile kidole kinamalizia hoja ambayo mimi sijaitamka popote.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho Kiswahili chetu kinakupa bure, umoja na wingi kwenye amri. Ukisema "acheni" kila mtu anamwangalia jirani yake, maana wingi una pa kujificha, mimi sio mbaya ila hawa wenzangu ndo wabaya. Ukisema "pima" umemshika mmoja, na kila anayesikia anajiona ndiye huyo mmoja. Ila sasa huku kwetu kijana kumwambia mzee "pima!" kavukavu ni utovu wa adabu, ndo maana kuna "hebu" pale, inalainisha inakuwa kama unamwomba ajaribu. Na mizani inahusika pia, ukibadilisha "hebu pima" ikawa "hebu pimeni" unapata tisa, itabidi utoe kitu, na ukitoa hebu zinabaki saba, tena heshima nayo imeondoka. Ubeti wa mwisho wa shairi hilo, ambao sijauweka hapa, ndo nikahamia kwenye amri ya "sisi", tuwaache samaki wakakue, kwa sababu pale nishamvuta kaja, sasa naingia naye kwenye kazi. Ningeanza na "tuwaache" kwenye ubeti wa kwanza wangeniuliza wewe unavua wapi na wangekuwa na haki, mi sio mvuvi.

Jihadhari na kina cha "ni", kinadanganya. Nani, nini, lini, gani, afu amri zote za wingi acheni, jueni, tazameni, vyote vinaishia hapohapo, unajikuta umejaza swali na amri kila mshororo kwa sababu tu kina kimekubali, na msikilizaji hapati hata nafasi ya kujibu moja kabla hujamtupia jingine. Ukighani pumua baada ya swali, hesabu hata mbili kichwani, jibu linahitaji muda wa kufika.

Namna ya kujipima, mtafute mtu ambaye hakubaliani na wewe, kwako labda mchoma mkaa, msomee mshororo mmoja afu ufunike unaofuata, mwambie ajibu kwa mdomo. Akijibu unachotaka, songa. Akisema "inategemea" au akakupa jibu lake kama yule mzee wa risiti, hilo swali toa. Ujue pia kuna mahali mbinu hii haifiki, kama mtu hakubali kabisa kwamba samaki wamepungua basi lile swali la mgebuka kwake halina kitu, hapo unahitaji ubeti wa kusimulia kwanza kabla ya kuuliza.

Na kwenye mtihani ukiulizwa uchambue, usiandike "ametumia tashititi ili msomaji afikiri", hiyo haisemi kitu. Andika swali hili anaulizwa nani, jibu analojipa kimyakimya ni lipi, na amri inayofuata inalitumiaje hilo jibu.

Weka hapa ubeti wako mmoja tuuone, anza na ule wenye maswali mengi kuliko yote.