Gramu 137 za dagaa ni kalori ngapi? Hesabu ya jikoni kwangu Kigoma

Namba ya kalori kwenye pakiti au kwenye jedwali la vyakula karibu kila mara ni ya gramu 100. Sahani haijui hilo. Ukipakua dagaa mizani inasoma 137, ukikata ugali inasoma 285, na hapo wengi huacha kuhesabu au huanza kukisia. Hakuna haja ya kukisia. Ukijua gramu 100 zina kalori ngapi, sogeza nukta nafasi mbili kushoto upate kalori za gramu moja, kisha zidisha kwa uzito uliopakua. Kitu chenye kalori 161 kwa gramu 100 kina kalori 1.61 kwa gramu moja, na 1.61 mara 137 ni kama 220.

Bila kikokotoo, vunja uzito vipande vipande. Gramu 100 ni 161. Gramu 10 ni 16.1, kwa hiyo gramu 30 ni 48. Gramu 7 ni kama 11. Jumlisha 161, 48 na 11, unapata 220. Mimi huifanya hivi kichwani huku nimeshika upawa, na ukizoea haichukui muda.

Ugumu hauko kwenye kuzidisha. Uko kwenye kujua hiyo 161 imetoka wapi, kwa sababu hakuna jedwali linalojua sufuria yako.

Mdogo wangu anayesoma Tabora alinipigia simu akiwa amechanganyikiwa. "Dada, ugali wa muhogo niliokula una kalori karibu elfu moja, inawezekana kweli?" Alikuwa amepima ugali wake, gramu 285, akachukua namba ya pakiti ya unga, 350, akazidisha kwa 2.85 akapata 997. Kuzidisha kwake kulikuwa sahihi kabisa, ila 350 ni ya unga mkavu, na kwenye sahani hakukuwa na unga mkavu. Kulikuwa na unga na maji, na maji yana uzito lakini hayana kalori. Nilimwambia arudie kupika kiasi kilekile, safari hii apime unga kabla haujaingia sufuriani na ugali baada ya kuiva. Unga ulikuwa gramu 200, yaani kalori 700. Ugali uliotoka ulikuwa gramu 610. Gawa 700 kwa 610 unapata 1.15 kwa gramu, yaani 115 kwa gramu 100. Gramu zake 285 ni kalori 328. Tazama tofauti: 997 na 328, kwa tonge zilezile.

Kanuni ni kwamba namba ya kibichi au kikavu inakwenda na uzito wa kibichi au kikavu, na namba ya kilichopikwa inakwenda na uzito wa kilichopikwa. Usizichanganye.

Mboga yenye viungo vingi inafuata njia hiyohiyo. Chukua dagaa wakavu wa mawese. Kabla ya yote, pima sufuria tupu na uandike uzito wake mahali, hata kwa kalamu ukutani. Yangu ni gramu 640. Dagaa wapime wakishachambuliwa vichwa lakini kabla ya kuwaosha, kwa sababu wakigusa maji ya moto hunywa na kuongezeka uzito. Nilipika gramu 150, na mimi huchukua 320 kwa gramu 100 kwa dagaa wakavu, hivyo ni 480. Mawese gramu 60, na mafuta ni 884 kwa gramu 100, hivyo ni 530. Vitunguu gramu 120 kwa 40, ni 48. Nyanya gramu 250 kwa 18, ni 45. Chumvi na maji havina kitu. Jumla ni 1,103.

Mboga ilipoiva, niliweka sufuria juu ya kibao cha mbao kwenye mizani (sufuria ya moto huharibu mizani ya plastiki, na kibao kinaondolewa kwa kurudisha mizani sifuri kabla ya kuweka sufuria). Ilisoma 1,325. Toa 640, zinabaki 685. Hizo ndizo gramu za mboga, maji yaliyobaki yakiwemo. 1,103 gawa kwa 685 ni 1.61. Hapo ndipo 161 ilipotoka.

Ona jinsi mawese yalivyobeba karibu nusu ya kalori zote, ingawa ni gramu 60 tu. Kwa hiyo usihangaike na vitu visivyohangaisha. Ukikosea nyanya kwa gramu 50, umekosea kalori 9. Ukiongeza kijiko kimoja cha chakula cha mawese bila kukiandika, hiyo ni kama gramu 14, umekosea kalori 124. Mafuta yapime kwa gramu, usiyakadirie kwa macho: weka chupa kwenye mizani, mimina sufuriani, rudisha chupa, na tofauti ndiyo uliyotumia. Na kwa kuwa mawese hupanda juu, koroga vizuri kabla ya kupakua. Anayechota juu anachukua mafuta ya wenzake, na hesabu ya wote wawili inaharibika.

Nina njia mbili za kugundua namba mbovu. Ya kwanza: gramu moja ya mafuta matupu ina kama kalori 9, na hakuna chakula kinachozidi hapo. Ukiona zaidi ya 900 kwa gramu 100, kuna kosa, na mara nyingi umesoma mstari wa kJ badala ya kcal. Pakiti nyingi huandika zote mbili, na kJ ni kubwa zaidi ya mara nne. Unga wa 350 kcal utaonyesha kama 1,464 kJ. Kinachoitwa kalori mtaani ni hiyo kcal. Ya pili: sahani ikizidi gramu 100, jibu lazima lizidi namba ya gramu 100, ikiwa pungufu, jibu lipungue. Nukta iliyokaa vibaya hujionyesha hapo mara moja.

Kuhusu desimali, acha mbili hadi mwisho, kisha andika 220 tu. Dagaa wa msimu mmoja hawalingani mafuta na wa msimu mwingine, kwa hiyo kuandika 220.57 ni kudai usahihi ambao mizani na jedwali havikupi.

Kiporo ndicho kinachosahaulika. Baada ya kupakua gramu 137, zilibaki 548, zenye kalori 882. Kesho yake nikaipasha moto, maji yakakauka, na mizani ikasoma 500. Kalori hazikupungua hata moja, maji ndiyo yaliyopotea. Sasa 882 gawa kwa 500 ni 1.76, yaani 176 kwa gramu 100, siyo 161 tena. Kwa gramu zilezile 137 ni 241. Ukipasha, pima tena sufuria kabla ya kupakua.