Zamu ya siku nne kazini, mbili ofu: Idi itakukuta wapi?

"Jamani, nafanya kazi hotelini Kiwengwa, siku 4 zamu, siku 2 ofu. Nimeanza Ijumaa tarehe 2 Januari 2026. Idi ni tarehe 20 au 21 Machi. Nitajuaje kama nitakuwa ofu nipate kwenda kwetu Pemba?"

Ndugu yangu, nimelinda mageti kwa zamu hiyo hiyo miaka mingi, na sihesabu tena kwa vidole. Mzunguko wako ni wa siku 6, kwa hiyo kinachotakiwa ni baki tu baada ya kugawa kwa 6. Mwezi wa siku 31 unabakisha 1, wa siku 30 haubakishi kitu, na Februari ya siku 28 inabakisha 4 (ikiwa na 29, 5).

Kutoka tarehe 2 Januari hadi 2 Februari, baki 1. Kutoka hapo hadi 2 Machi, ongeza 4, zinakuwa 5. Kutoka tarehe 2 hadi 20 Machi ni siku 18, ambazo hazibakishi kitu. Jibu ni 5.

Baki 0 ni siku ya kwanza kazini, 3 ni ya nne, 4 ni ofu ya kwanza, 5 ni ofu ya pili. Basi Alhamisi tarehe 19 na Ijumaa tarehe 20 uko ofu, na Jumamosi tarehe 21 unaingia zamu. Mwezi ukiandama usiku wa Alhamisi, Idi utasali kwenu, lakini itabidi uwahi boti ya kurudi. Usipoandama, Idi inakukuta kazini siku ya kwanza. Tafuta mapema mwenzako wa kubadilishana naye hiyo Jumamosi.

Kosa linalowaponza wengi ni kuihesabu siku ya kuanzia kuwa moja. Hiyo ni sifuri. Mimi niliihesabu moja, siku yangu ya nne kazini ikanitokea kama ofu ya kwanza. Nikakata tiketi ya boti, nikashuka Mkoani kwa arusi ya mdogo wangu, huku kazini naandikwa mtoro. Niliumia sana. Tangu hapo najaribu kwanza kwa tarehe ninayoijua. Kwako, tarehe 6 Januari ulikuwa ofu ya kwanza: 6 toa 2 ni 4. Inakubali.

Kama unaweka tarehe kwenye jedwali la simu, andika hivi, tarehe ikiwa kwenye A2:

```
=MOD(A2-DATE(2026,1,2),6)
```

Ukihamishiwa usiku, tumia tarehe unayoingia, si unayotoka. Na ujue kuwa ofu ya kwanza utaiamkia kazini, kwa hiyo usikate boti ya asubuhi. Msimamizi akipanga upya ratiba, tarehe 2 Januari imekufa. Chukua siku ya kwanza ya ratiba mpya uanzie hapo.