Kesi ya ndoa ya mtoto huanzia kwenye rejista ya shule

Kama umepangiwa dawati la jinsia la polisi, ustawi wa jamii wa halmashauri, au umejiunga na wasaidizi wa kisheria huku Kanda ya Ziwa, jiandae kuanzia Oktoba. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo binti yuko nyumbani na hakuna mwalimu anayemwita jina asubuhi. Wazee wanaujua upenyo huo kuliko mawakili wengi. Wapo mabinti wanaoambiwa na wazazi wao waandike majibu ya hovyo makusudi, wasije wakafaulu.

Ukielewa kwa nini wanafanya hivyo, umeshaielewa nusu ya sheria yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Kanuni ya Adhabu nayo inasema kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, awe amekubali au hakukubali, lakini ikaweka mlango wa nyuma: isipokuwa ni mke wa mtu huyo, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa. Anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na miaka 30 jela, na anayesaidia ndoa hiyo anakabiliwa na faini isiyopungua milioni tano au miaka mitano. Kwa hiyo katika kundi la miaka 15 hadi 17, mara nyingi kesi haisimami kwa sababu binti ni mtoto. Inasimama kwa sababu ni mwanafunzi.

Utaulizwa kuhusu kesi ya Rebeca Gyumi. Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikatalia. Mwaka ukapita bila marekebisho. Kwenye baraza la kijiji usiitumie kesi hiyo kama rungu, maana haikugusa ule mlango wa nyuma wa Kanuni ya Adhabu.

Sasa niwaambie nilivyoharibu kesi yangu ya kwanza. Binti alikuwa na miaka 16, ameshafanya mtihani wa darasa la saba, na mahari ya ng'ombe kumi na wawili imeshatolewa. Tulikwenda na mtendaji wa kijiji na askari wawili, tukamkamata bwana harusi siku ya tatu ya ndoa. Nilijiona shujaa. Jioni ile nikamrudisha binti kwa mama yake, nikiamini hakuna mahali salama kuliko pale. Sikupita shuleni, maana ilikuwa likizo na ofisi imefungwa.

Usiku uleule ukoo ukakaa. Wiki mbili baadaye mama, ambaye kwangu alisema mtoto ana miaka 16, akasema ana 19. Kadi ya kliniki ikawa "imeliwa na mchwa". Wakili wa utetezi akauliza swali moja tu: mtu aliyemaliza darasa la saba na hajaandikishwa kidato cha kwanza ni mwanafunzi wa shule gani? Mwendesha mashtaka akanigeukia, na mimi sikuwa hata na orodha ya waliochaguliwa. Binti mwenyewe alishapelekwa kwa shangazi yake mkoa mwingine. Kesi iliahirishwa mara tatu kwa kukosa mashahidi, kisha mshtakiwa akaachiwa.

Siku hizi rejista inakuja kwanza. Kabla ya pingu namtafuta mwalimu mkuu popote alipo, hata kama yuko shambani, naomba nakala ya rejista ya uandikishaji na daftari la mahudhurio, na polisi wanachukua maelezo yake siku hiyohiyo. Lengo ni mwalimu mwenyewe aje kusimama kizimbani, kwa sababu barua yenye mhuri peke yake haitoshi. Na kielelezo kikishapokelewa, hakikisha mwendesha mashtaka anaomba kisomwe kwa sauti mahakamani. Nyaraka isiyosomwa huondolewa kwenye rufaa, na huo unakuwa mwisho wa jasho lako lote.

Kuhusu umri, usikate tamaa kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Mahakama ya Rufani imekubali mara nyingi kwamba umri unaweza kuthibitishwa na mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu au daktari. Tatizo ni kwamba mzazi ndiye mshtakiwa mtarajiwa. Mimi humtafuta bibi, au mama jirani aliyejifungua msimu mmoja na mama wa binti. Kumbukumbu ya "wangu yuko kidato cha pili, na walinyonya pamoja" ni ngumu kuigeuza kikaoni.

Jambo zito zaidi ni mahali binti atakapolala. Ushahidi bora wa kosa la kujamiiana hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Huo ni msimamo wa Mahakama ya Rufani tangu kesi ya Selemani Makumba mwaka 2006. Ukimrudisha nyumbani, umemkabidhi shahidi wako kwa utetezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto hadi afike miaka 18, haijali ameolewa au la, nayo ndiyo inayompa afisa ustawi nguvu ya kumweka mahali pa usalama. Itumie hata pale kesi ya jinai isiposimama.

Nina mashaka na ile miaka 30, nalisema wazi. Bwana harusi mara nyingi ni kijana wa miaka 20 na kitu, mtoto wa jirani, na binti akisikia adhabu hiyo ananyamaza. Kwenye ukeketaji hali imegeuka kinyume: kifungu cha ukatili kwa watoto kinataja kifungo cha miaka 5 hadi 15, lakini kinaruhusu pia faini isiyozidi laki tatu, na hela hiyo ukoo unaichanga kwa siku moja. Isitoshe kifungu hicho kinamlinda aliye chini ya miaka 18 tu. Na katazo huisogeza mila badala ya kuiua: Singida na Dodoma wapo wanaokeketa vichanga kwa madai ya kutibu lawalawa, yaani maradhi ya sehemu za siri, na kichanga hawezi kukimbilia kituoni wala kutoa ushahidi.

Swali ambalo sikufundishwa chuoni, na sasa ndilo la kwanza kuuliza nikifika kwenye boma, ni hili: ng'ombe wako wapi? Katika ile kesi iliyonishinda, wanane kati ya wale kumi na wawili walikuwa wameshatoka kwenda kumlipia mahari kaka wa binti, ambaye mkewe alikuwa na mimba. Ndoa ikivunjwa, mahari inadaiwa, na ya kaka nayo inayumba. Aliyembana mama hadi akasema miaka 19 hakuwa baba. Alikuwa yule kaka, ambaye sikumhoji hata kwa dakika moja. Kwa hiyo fuata kwato. Andika majina ya wote waliopokea mnyama, waite mbele ya mtendaji kabla ukoo haujakaa, uwaeleze kwamba kumtisha shahidi ni kosa linalojitegemea, na chukua namba zao za simu.