Jumamosi nitakuwepo, na tangazo nimeshalituma

Swali la wiki: Zoezi la kuchangia damu likitangazwa mtaani kwako, utakwenda? Na tangazo lake utamtumia nani?

Nitakwenda. Letu ni Jumamosi hii, uwanja wa shule ya msingi, kuanzia saa tatu asubuhi, na jina langu mjumbe ameshaliandika. Tangazo nimewatumia akina mama wenzangu wa kikoba, ila sikulituma lilivyo. Nimeliongezea maneno, na sababu ni kwamba mara ya kwanza nilipokwenda kuchangia nilirudishwa nyumbani.

Siku ile muuguzi alinitoboa kidole, akavuta damu kwa kijirija chembamba cha kioo, akadondosha tone moja kwenye kichupa chenye maji ya buluu. Yale ni maji ya mrututu, na uzito wake umepimwa makusudi. Damu yenye himoglobini ya kutosha, gramu 12.5 kwa desilita au zaidi, ni nzito kuliko maji yale, kwa hiyo tone huzama moja kwa moja hadi chini. Langu lilishuka kidogo, likasita katikati, halafu likaanza kupanda. Akanipima tena kwa mashine, ikasoma 11.4. "Dada, leo hapana," akaniambia. "Hii uliyonayo inakutosha wewe mwenyewe kwa shida."

Niliumia, maana nilikuwa sijisikii mgonjwa hata kidogo. Akaniuliza chai nakunywa saa ngapi. Nikamjibu, kila baada ya chakula. Ndipo akanieleza kwamba majani ya chai hukamata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, yakapita tumboni bila mwili kuyachukua, na sisi wanawake tunapoteza damu kila mwezi. Akanielekeza kituo cha afya, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Chai nikaisogeza mbele, saa moja au zaidi baada ya kula, na mchicha nikawa naukamulia ndimu. Baada ya miezi mitatu nilirudi. Tone lilizama kama kijiwe, na mashine ilisema 12.9.

Kwa hiyo niliyoyaongeza kwenye tangazo ni haya. Jumamosi usije na njaa, kula kwanza, na unywe maji kama nusu lita kabla hujalala kitandani pale, kwa sababu wengi wanaopata kizunguzungu ni waliokuja tumbo tupu. Uwe na miaka 18 au zaidi na kilo zisizopungua 50. Kama unanyonyesha, au umetoka kutibiwa malaria, zamu hii pumzika. Wanachokutoa ni mililita 450, hazijai ile chupa ya maji ya nusu lita, na kulala pale ni kama dakika kumi tu.

Jambo moja nililiandika peke yake ili lisipotee: usije kwa nia ya kupima virusi vya ukimwi. Damu yote hupimwa, pamoja na homa ya ini B na C na kaswende, lakini mtu aliyeambukizwa siku chache zilizopita kipimo kinaweza kisimwone, na damu yake ikamfikia mtoto wa mwenzake. Mwenye wasiwasi aende kituo cha afya apimwe huko, na kwenye fomu ya uchangiaji ajibu ukweli.

Halafu kuna hili ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Nilikuwa nadhani tukijaa wote siku moja ndiyo tumefanya kazi kubwa. Lakini damu haiwekwi akiba kama mahindi. Chembe nyekundu zikikaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6, kwa dawa ile ya kawaida inayozuia damu isigande, mwisho wake ni siku 35. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ni siku tano tu. Mtaa mzima ukitoa Jumamosi, mama atakayevuja damu wakati wa kujifungua miezi miwili baadaye hataikuta. Nasi tutakuwa hatujafikisha muda wa kutoa tena, maana mwanaume husubiri miezi mitatu na mwanamke minne.

Basi kikoba tumejigawa. Tuko wanawake 24. Sita tunakwenda Jumamosi, sita mwezi ujao, na hivyo hivyo mpaka mwezi wa tano tukihesabu na huu, zamu inaturudia sisi wa kwanza, miezi minne ikiwa imetimia. Kukiwa hakuna zoezi mtaani, wa zamu wataenda hospitali ya mkoa, wanapokea wachangiaji siku za kazi. Mweka hazina ndiye anayeshika orodha, kwenye daftari lile lile la hisa.

Mume wangu alitoa mwezi jana, kwa hiyo Jumamosi atabaki na watoto. Tarehe yake nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni, chini ya siku ya kulipia maji.