Raspberry Pi ya mtoto: chaja, kadi na pini arobaini

SWALI: Fundi, habari za kazi. Binti yangu yuko kidato cha pili na siku hizi hana habari nyingine ila kuandika programu. Laptopu ya nyumbani ni ya kazi ya mama yake, siyo ya kujaribia mambo. Nimepata Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye ramu ya GB 2 na iliyokwisha tumika, bei yake inavumilika, na nyumbani nina runinga bapa na kibodi ya zamani. Muuzaji anasema inafanya kila kinachofanywa na laptopu, na kwamba chaja ya simu inaitosha. Niichukue? — Mzazi, Tanga

JIBU: Ichukue, mzazi mwenzangu, mradi iwe ya kujifunzia programu na saketi ndogondogo, na si vinginevyo. Muuzaji wako amekosea kote kuwili, kwenye laptopu na kwenye chaja, na hilo la chaja ndilo litakalokusumbua kwanza.

Lakini piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Ubao peke yake hauwaki. Utahitaji adapta, kadi ya memori na waya wa kwenda kwenye runinga. Pi 4 haina tundu la HDMI la kawaida, ina mawili madogo, kwa hiyo dukani mwandikie muuzaji neno micro HDMI kwenye karatasi, maana kuna mini HDMI inayofanana nayo na haiingii. Waya uchomeke kwenye tundu lililo karibu na la umeme. Kwa kuwa skrini na kibodi unavyo, bado unapata nafuu. Ungekuwa huna hata kimoja, ningekuambia utafute laptopu iliyotumika yenye ramu ya GB 8, kwa sababu ukijumlisha vyote pesa zinakaribiana na laptopu ina betri yake.

Sasa chaja. Miaka michache iliyopita niliwafungia vijana wa jirani Pi 4 kama hiyo. Iliwaka vizuri, ukaandika programu bila shida, ila ukifungua kivinjari cha Chromium inazima na kuwaka upya. Nikalaumu kadi, nikabadilisha. Ikaendelea. Nikabadilisha kadi ya pili. Siku ya tatu ndipo nikaona alama ndogo ya radi pembeni ya skrini, nikaandika amri hii ambayo ningeiandika siku ya kwanza kama nisingekuwa mbishi:

```
vcgencmd get_throttled
```

Ikajibu `throttled=0x50005`. Ingekuwa `0x0`, umeme ungekuwa hauna neno. Hiyo 5 ya mwisho inasema kwamba sasa hivi umeme umepungua na mashine imejipunguzia kasi. Ile 5 ya mbele inasema hayo yamewahi kutokea tangu iwashwe. Ukikuta `0x50000`, maana yake ilitetereka kitambo kidogo na kwa sasa imetulia, nayo pia si habari njema.

Chaja niliyotumia ilikuwa nzima, imeandikwa volti 5 na ampia 3. Mwizi alikuwa waya: mrefu, mwembamba, wa kuchajia simu. Waya wa namna hiyo ukiwa na ukinzani wa robo ya omu tu, mashine ikivuta ampia 2, nusu volti nzima inapotelea njiani. Kutoka 5 inabaki 4.5, na Pi huanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63. Simu haioni tofauti kwa kuwa ina betri inayobeba upungufu huo, itachaji polepole tu. Pi haina akiba. Kivinjari kinapofunguka inavuta zaidi, umeme unaporomoka, inazima. Ndiyo maana adapta inayotengenezwa kwa ajili ya Pi 4 hutoa volti 5.1 na ampia 3, na waya wake umeungwa moja kwa moja kwenye adapta, mnene na mfupi. Usibane pesa hapo. Na ukienda kuukagua ubao kwa muuzaji, nenda na adapta yako, uwashe, ufungue kurasa tatu za mtandao, kisha uandike amri hiyo.

Kadi nayo ina visa vyake. Pi 4 ya kwako itaweka kila kitu humo, mfumo pamoja na kazi za mtoto, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili zinaweza kuharibika hadi mashine isiwake tena. Mzoeze binti kuizima kwa kufuata utaratibu, asichomoe waya. Kwa ule mgao usiopiga hodi, dawa ni nakala. Kwenye Raspberry Pi OS, mfumo wake wa Linux, kuna programu iitwayo SD Card Copier, iko kwenye menyu ya Accessories. Mashine ikishakaa sawa, chomeka kadi ya pili kwa kisomea kadi cha USB, nakili, uifunge kwenye karatasi uiweke kabatini. Kazi zake mwenyewe azihifadhi kwenye flashi.

Hii kadi ya kabatini ndiyo inayoifanya Pi kuwa mashine ya kujifunzia kuliko laptopu ya mama. Mtoto anayejifunza Linux lazima siku moja atafuta kitu kisichofutwa. Mwache afute. Unatoa kadi iliyokufa, unaweka ya kabatini, unaendelea. Kwenye laptopu ya kazi kosa hilohilo lingewanyima usingizi nyumba nzima.

Tahadhari moja, kadi bandia ni nyingi. Imeandikwa GB 64, ndani mna 8, na ikijaa inaandika juu ya vilivyomo bila kusema. Ipime kabla ya kuitumia. Kwenye kompyuta yoyote ya Linux weka programu ya f3, kisha uijaze kadi na kuisoma upya, ukiweka jina lako la kuingilia kwenye kompyuta badala ya fundi, na jina ambalo kadi yako inaonyesha badala ya KADI:

```
sudo apt install f3
f3write /media/fundi/KADI
f3read /media/fundi/KADI
```

Inachukua muda, nenda kapate chai. Mwishoni `f3read` inakuonyesha data iliyosalimika na iliyopotea. Kama iliyopotea si sifuri, irudishe dukani.

Kuhusu kazi yenyewe: Python kwa kutumia Thonny, kurasa za tovuti alizoziandika mwenyewe, Scratch, amri za Linux, hifadhidata ndogo, vyote GB 2 inavimudu. Inapochoka ni kwenye kivinjari. Kurasa mbili tatu zinakwenda, akifungua video na kurasa nane utaona kipanya kinakwama. Mwambie aandike `free -h` na atazame safu ya `available`. Ikishuka kwenye megabaiti mia moja hivi, mashine imeanza kutumia kadi kama ramu, na kadi ni nzito mno kwa kazi hiyo. Afunge kurasa, asubiri.

Ambacho haitafanya ni hiki. Kichakato chake ni cha aina ya ARM, kama cha simu, wakati programu nyingi za Windows zimeandikwa kwa vichakato vya Intel na AMD. Isitoshe mfumo wake ni Linux, si Windows. Kwa hiyo Microsoft Office ile ya kusakinisha haiingii, LibreOffice ndiyo itakuwepo. Akitaka kutengeneza programu za simu kwa Android Studio, hapo pia basi, haijatolewa kwa Linux ya ARM, na hata ingetolewa GB 2 zisingeibeba. Siku akifika huko atahitaji mashine nyingine, na hatakuwa amepoteza muda wake.

Kitu ambacho laptopu ya mama haina ni zile pini 40 ubavuni, na hapa ndipo pesa yako inarudi. Aanze na taa moja ya LED. Mguu mrefu wa taa aunge kwenye rezista ya omu 330, rezista iende pini ya 11 kwa kuhesabu, ambayo kwenye programu huitwa 17. Mguu mfupi uende pini ya 9, ambayo ni hasi. Majina mawili ya pini moja yatamchanganya wiki ya kwanza, yanamchanganya kila mtu.

```python
from gpiozero import LED
from time import sleep

taa = LED(17)
while True:
    taa.on()
    sleep(1)
    taa.off()
    sleep(1)
```

Taa nyekundu hula karibu volti 2 kati ya 3.3 zinazotoka, 1.3 iliyobaki ukiigawa kwa 330 unapata takriban miliampia 4. Pini inastahimili hadi 16, kwa hiyo tuko salama. Akiruka rezista kwa haraka zake, anaweza kuichoma pini, na pini haina fundi.

Zingatia hiyo 3.3, kwa sababu ndipo mbao nyingi zinapofia. Vihisi vingi vya bei rahisi sokoni vimetengenezwa kwa volti 5. Kile cha kupima umbali chenye macho mawili, HC-SR04, hurudisha volti 5 kwenye mguu wa Echo, na ukiupeleka moja kwa moja kwenye pini ya Pi unaweza kuua ubao siku hiyohiyo. Weka rezista mbili: kutoka Echo ya omu 1,000 hadi kwenye pini, na kutoka pini hiyohiyo ya omu 2,000 hadi hasi. Pini inaona theluthi mbili ya 5, yaani 3.3. Na akitaka kusoma unyevu wa udongo kwa kile kihisi kinachotoa volti inayopanda na kushuka, ajue kwamba pini za Pi zinajua kuwaka na kuzima tu, hazipimi katikati. Itabidi aongeze chipu ya MCP3008.

La mwisho, nisije nikakupokea tena wiki ijayo. Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimwa bila intaneti siku tatu, ikiwaka inadhani bado ni ile siku iliyozimwa, na ikikaa hivyo kwa muda mrefu tovuti zinaanza kukataliwa kwa madai kwamba vyeti vyake vya usalama havifai. Watu huhangaika na mtandao wakati kosa liko kwenye tarehe. Akiwasha data ya simu yako na kuiunganisha, saa hujirekebisha yenyewe. Asipokuwa na bando, aiweke kwa mkono:

```
sudo date -s "2025-03-10 16:30"
```

Saa 16:30 hapo ni saa kumi na nusu jioni, asije akaandika 10:30.